Kusoma Taroti kwa Picha Pekee: Nani Anamtazama Nani

Taroti ni karata za picha ambazo msomaji huzipanga na kuzifasiri ili kujibu swali la mtu. Mpe mtu asiyeijua karata moja, umwulize anaona nini, na mara nyingi ataanza na rangi: nyeusi, basi mbaya, njano, basi nzuri. Hapo ndipo wanaoanza wengi wanapotea, kwa sababu katika picha hizi rangi ndiyo shahidi dhaifu kuliko wote. Mwili wa mtu aliyechorwa unasema zaidi, mikono yake inasema zaidi ya mwili, na macho yake, hasa karata zikishapangwa pamoja, yanasema kuliko vyote. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo na kuiacha rangi mwishoni.

Hutahitaji kukariri maana za karata 78. Utahitaji seti inayofaa, daftari, mwanga mzuri na subira ya kutazama kabla ya kusema.

Seti ya karata

Njia hii haifanyi kazi kwa kila seti. Katika seti za zamani za mtindo wa Marseille, karata nyingi za namba zina vikombe au fimbo zilizopangwa tu kama karata za kuchezea, bila mtu hata mmoja. Huwezi kusoma macho mahali pasipo na uso. Tunayoifuata hapa ni seti iliyotoka London mwaka 1909, ambayo Arthur Edward Waite aliibuni na Pamela Colman Smith akaichora. Pamela alikuwa amefanya kazi kwenye mambo ya tamthilia, na inaonekana: watu wake wamesimama, wameinama na kugeuza shingo kama waigizaji jukwaani, ili hata aliyekaa nyuma kabisa aelewe kinachoendelea.

Seti hiyo ina Karata Kuu 22 na Karata Ndogo 56. Karata Ndogo zimegawanyika katika kaya nne: Fimbo, Vikombe, Panga na Sarafu. Kila kaya ina karata kumi za namba na nne za watu wa ikulu, yaani Tarishi, Mpanda Farasi, Malkia na Mfalme.

Kama seti ya kununua inakushinda bei, Pamela alifariki mwaka 1951, hakimiliki yake imeshaisha, na michoro ya 1909 inapatikana mtandaoni. Ukiipeleka kwa wachapaji wa Nasser Road pale Kampala, waambie wapange karata sita kwa kila ukurasa wa A4, safu mbili za tatu tatu, kila moja upana wa sentimita 6.5 na urefu wa 11. Kurasa 13 zinatosha seti nzima. Omba karatasi nzito ya gramu 300, isiyong'aa. Karatasi inayong'aa inarudisha mwanga wa balbu machoni na kufuta nyuso, ambazo kwenye karata za ukubwa huu ni nukta tu. Jambo la pili la kumwambia mchapaji ni asikate ndani ya mchoro ili kuondoa fremu. Katika karata hizi mambo mengi yamewekwa pembeni kabisa. Kwenye Tisa ya Sarafu kuna konokono chini ardhini ambaye hupotea kirahisi mkasi ukipita ndani kidogo.

Mwisho wa maandalizi, kata vipande vya karatasi nyeupe vya kuziba maandishi. Karata Kuu zina namba ya Kirumi juu na jina chini, za ikulu zina jina chini, na za namba zina namba juu, isipokuwa za Moja zenye jina chini. Ziba vyote kwa wiki chache za mwanzo. Jicho likishasoma jina, huacha kutazama picha. Mtu akiona neno linalomaanisha kifo chini ya karata ya kumi na tatu, hatamwona tena mtoto aliyepiga magoti mbele ya yule farasi mweupe akiinua uso kumtazama mpanda farasi, wala jua lililo kati ya minara miwili kule nyuma.

Kulia ni kwa nani?

Hili ni dogo lakini limeharibu usomaji mwingi. Tunaposema mtu anatazama kushoto, ni kushoto kwako wewe unayetazama karata. Tunapotaja mkono, ni mkono wake yeye. Ukichanganya hayo mawili utasoma kinyume na usijue ulipokosea.

Kwa sababu hiyohiyo, usikae uso kwa uso na muulizaji, yaani mtu aliyekuja na swali. Kaeni upande mmoja wa meza au wa mkeka, bega kwa bega. Ukimkabili, wewe unaona mtu anatazama kulia na yeye anaona mtu yuleyule amepinduka, anatazama kushoto. Kila mmoja ataona picha yake.

Kwa sasa weka pia kila karata wima. Wasomaji wengine huzipa karata zilizopinduka maana ya pekee, lakini karata ikizungushwa nusu duara, aliyekuwa akitazama kushoto anatazama kulia, na kichwa kiko chini. Mwelekeo wote unavurugika. Ikitokea imepinduka, isimamishe uendelee.

Hatua ya kwanza: sema kinachoonekana tu

Chukua karata moja, iangalie dakika mbili, kisha andika sentensi tano kwenye daftari. Kila sentensi iwe kitu ambacho mtoto anaweza kukigusa kwa kidole pale kwenye picha. "Mtu ameinamisha kichwa" inaguswa. "Mtu ana huzuni" haiguswi, hiyo ni tafsiri yako. Andika vitenzi zaidi ya vivumishi: ameketi, anatembea, ameshika, amefumbata, amegeuka.

Tuchukue Nane ya Vikombe. Mtu mwenye joho jekundu anatembea. Ameshika fimbo. Ametupa mgongo. Nyuma yake vimebaki vikombe vinane, vitano chini na vitatu juu, na kwenye safu ya juu kuna pengo. Angani mwezi wenye uso unatazama chini. Hizo ni sentensi tano, na tayari una habari: mtu ameacha kitu ambacho hakikuvunjika wala hakikumwagika, ila kina nafasi tupu ndani yake. Pengo lile mtu anayekariri maana huwa halioni kabisa.

Kosa la kawaida katika hatua hii ni kuandika sentensi ishirini. Tano zinatosha. Ukizidisha, utakuwa na rundo la vitu vidogo na utaokota vile vinavyokupendeza tu.

Hatua ya pili: mwili

Jiulize kama mtu amesimama, ameketi, anatembea au amelala, na kama anakwenda, anakwenda upande gani. Zoezi zuri kuliko yote ni la Wapanda Farasi wanne. Waweke kwa safu na ufunike kila kitu isipokuwa farasi. Farasi wa Fimbo ameinua miguu ya mbele, ameelekea kushoto. Wa Vikombe anatembea polepole kwenda kulia. Wa Panga anakimbia mbio kushoto. Wa Sarafu ni mweusi, amesimama tuli, ameelekea kulia. Kabla hujajua lolote kuhusu kaya zile nne, unajua nani ana haraka, nani anakuja kwa adabu, na nani hajaondoka pale alipo.

Tahadhari moja kwa wasomaji wa Uganda. Kupiga magoti kwetu, hasa Buganda, ni salamu na heshima. Msichana anampigia magoti shangazi yake na hakuna aliyeshindwa hapo. Katika karata hizi magoti hayana maana moja. Kwenye Sita ya Sarafu waliopiga magoti wanaomba, na aliyesimama ameshika mizani. Kwenye karata ya Nyota mwanamke amepiga goti moja na kumimina maji, hakuna aliye juu yake. Kwa hiyo usimalize na "amepiga magoti." Tafuta amepiga magoti mbele ya nani, na mikono yake inafanya nini. Kama hakuna mtu mbele yake, hapo pana kazi inayofanyika, hapana unyenyekevu.

Hatua ya tatu: mikono

Tazama kama mkono umeshika kitu, uko wazi, umefumbatwa au umefichwa. Kisha uliza mkono ule unaweza kufanya nini kwa sasa. Swali hili la pili ndilo linalotofautisha karata zinazofanana.

Weka Nne ya Vikombe kando ya Mbili ya Panga. Zote zina mikono iliyokunjwa kifuani. Kijana wa Vikombe ameketi chini ya mti, mikono yake mitupu, na mkono unaotoka winguni unampa kikombe. Angeweza kukipokea na hakipokei. Mwanamke wa Panga amefungwa kitambaa machoni na ameshika panga mbili zilizopishana kifuani. Hawezi kupokea chochote bila kwanza kuangusha kimoja. Ukimsomea muulizaji karata ya kwanza utazungumzia kutotaka. Ya pili, utazungumzia mzigo wa kushikilia. Aliyekariri kwamba mikono iliyokunjwa ni "kujifungia" atawaambia watu wawili tofauti jambo lilelile.

Na mkono wa kushoto? Kwetu kumpa mtu kitu kwa kushoto ni utovu wa adabu, na anayeanza anaweza kusoma dharau pale Malkia wa Panga anapoinua mkono wake wa kushoto. Lakini tazama sababu iliyo wazi: wa kulia umeshika upanga uliosimama wima. Mkono ulio huru ndio ulioinuliwa, kiganja wazi. Anasubiri mtu aje aseme, na upanga hajauweka chini.

Hatua ya nne: macho

Hapa kaa muda mrefu. Macho katika karata hizi yamechorwa kwa nukta au mstari, kwa hiyo usihangaike kutafuta mboni. Tazama pua na kidevu. Vinaonyesha uso umeelekea wapi bila utata. Mtu akiwa ametupa mgongo, fuata kichwa.

Mtazamo unaweza kuangukia mahali panne. Wa kwanza ni kwako wewe: karata ya Haki inakukabili moja kwa moja, na karata kama hiyo inamgeuzia muulizaji swali lake. Wa pili ni kitu kilichomo ndani ya karata, kama Tarishi wa Vikombe anayemtazama samaki aliyejitokeza kikombeni. Shughuli yake yote imeishia hapo, hana habari na karata ya jirani. Wa tatu unatoka nje ya fremu, kwenda kushoto au kulia, na huu ndio unaounganisha karata na karata. Wa nne ni uliozibwa: kitambaa, kofia ya joho, uso uliofichwa na mzigo kama kwenye Kumi ya Fimbo. Asiyeona hawezi kulaumiwa kwa asichokiona, ila usomaji lazima useme kwamba haoni.

Karata ya Wapenzi inafundisha jambo hili kuliko maelezo. Mwanamume anamtazama mwanamke. Mwanamke hamtazami mwanamume. Uso wake umeinuka kwa malaika aliye juu yao. Watu hukaa na karata hii miaka wakiiita mapenzi na hawajawahi kuona kwamba wale wawili hawatazamani. Kinyume chake ni Tano ya Sarafu: maskini wawili wanapita kwenye theluji chini ya dirisha linalong'aa, na hakuna aliyegeuka kuliangalia. Kitu kilichomo kwenye picha lakini hakitazamwi na mtu yeyote kina uzito mkubwa. Kiandike kila mara.

Kisha kuna mtazamo uliopingana na mwili. Mtu wa Saba ya Panga ananyata kwenda kushoto akiwa amebeba panga tano, na uso umegeuka nyuma, kulia, ambako panga mbili zimebaki zimechomekwa ardhini. Miguu inasema moja na macho yanasema lingine. Ukikuta mgongano wa namna hii, usiuchague upande mmoja. Sema yote mawili.

Vitabu vingi vinasema kushoto ni yaliyopita na kulia ni yajayo. Inafaa kwa aliyezoea kusoma kutoka kushoto, lakini mtu aliyelelewa na msahafu jicho lake linaweza kuanzia kulia, na wala si lazima akubali. Ushauri wetu: sahau wakati. Uliza tu kama anaielekea karata ya jirani, anaipa mgongo, au anatazama nje ya safu mahali pasipo na karata. Hayo hayategemei mwandiko wa mtu.

Hatua ya tano: rangi

Rangi inakuja sasa, na kwa kazi ndogo. Angalia anga kwanza, kisha nguo. Anga ya njano iko kwenye karata ya Mchawi na ya Nguvu, ambazo watu huzipenda, lakini iko pia kwenye Saba ya Panga, mtu anayenyata na panga. Hivyo njano haisemi "heri." Inasema jambo linafanyika mahali penye mwanga, na hata hapo mtu anaweza kudhani haonekani. Anga nyeusi iko kwenye Tisa ya Panga na Tano ya Sarafu. Ya kijivu kwenye Tatu ya Panga na Tano ya Vikombe. Na usilete rangi za bendera yetu mezani: maana ya nyeusi, njano na nyekundu zile ni ya nchi, Pamela hakuwa akiifikiria.

Kazi ya kweli ya rangi ni kuunganisha. Anga ikiwa moja kwenye karata mbili zilizo jirani, zisome kama eneo moja, siku moja. Inapobadilika ghafla, hapo ndipo jambo linapokatika.

Kuwa mwangalifu na chapa na taa. Seti za picha hizi zimepakwa rangi upya mara nyingi, na anga iliyo njano kwako inaweza kuwa ya chungwa kwa mwenzako. Umeme ukikatika ukawasha mshumaa, njano itaonekana nyeupe na bluu itaonekana kijivu. Soma rangi kwa mwanga wa mchana, au usizisome.

Mfano: mtaji wa watu wawili

Tuseme mama anayeuza nguo za mivumba katika soko la Owino anafikiria ombi la jirani yake wa kibanda, kwamba waunganishe mitaji wanunue beli kubwa pamoja. Swali lake: "Nikiungana naye, nitazame nini?" Ni swali zuri, kwa sababu picha zinaweza kulijibu. Angeuliza "nitapata faida kiasi gani," ungemwomba alibadilishe, maana hakuna mtu aliyechorwa kwenye karata hizi anayejua bei ya beli.

Karata tatu, kutoka kushoto: Mpanda Farasi wa Sarafu, Saba ya Panga, Tano ya Vikombe.

Anza na miili. Wa kwanza ameketi juu ya farasi aliyesimama, nyuma yake shamba lililolimwa. Wa pili ananyata kwenda kushoto. Wa tatu amesimama na joho jeusi, kichwa kimeinama. Katika safu nzima anayesogea ni mmoja tu.

Mikono: wa kwanza ameshika sarafu moja mbele yake. Wa pili amejaza mikono panga tano. Wa tatu mikono yake imefichwa na joho. Kwa hiyo mmoja ana kitu na hakitumii, mmoja amebeba zaidi ya anavyoweza, mmoja hatujui.

Sasa macho, na hapa chukua kalamu uchore mishale daftarini. Mpanda Farasi ameelekea kulia, kwa hiyo mshale wake unaingia karata ya kati. Mtu wa kati anamjia kwa miguu, lakini uso wake umegeuka kulia. Mshale wake unakwenda kwa mtu wa joho. Na mtu wa joho ameelekea kushoto, kwake, ila ameinama; mshale wake unaishia chini, kwenye vikombe vitatu vilivyomwagika. Tazama mishale yako: kila mtu ameelekezewa uso na mwingine au amejiwa, na hakuna macho mawili yaliyokutana. Hilo ndilo jambo kuu la usomaji huu, na hakuna karata hata moja kati ya hizo tatu ambayo ingekupa hilo ikiwa peke yake.

Ongeza visivyotazamwa. Nyuma ya mtu wa joho kuna vikombe viwili vimesimama, na daraja la kuvukia mto kwenda kwenye nyumba ng'ambo. Havioni. Kwenye karata ya kati panga mbili zimebaki zimesimama, na hizo zinatazamwa, ila na mtu anayeondoka. Viwili na viwili: katika picha zote mbili kuna mabaki yaliyo salama ambayo hayana mtu wa kuyashughulikia. Rangi inathibitisha mpaka: karata mbili za kwanza zina anga ya njano, ya tatu ni kijivu.

Unamwambiaje? Kitu kama hiki: "Mama, hapa sioni mtu nikuambie mwamini au usimwamini. Naona watu watatu wanaokaribiana bila kutazamana machoni. Na naona mabaki mara mbili, yamesimama, hayana mwenyewe. Beli mkishaifungua, nguo zisizouzika zitakuwa za nani?"

Huenda akajibu, "Hilo hatujaongea." Basi usomaji umefanya kazi yake. Jambo la kwenda kulizungumza na jirani limepatikana, na limetoka kwenye vikombe viwili na panga mbili, halikutoka hewani.

Angalia ulichojizuia kusema. Saba ya Panga wengi huiita karata ya mwizi, na ungeweza kumwambia mama yule kwamba jirani yake atamwibia. Picha haina jina la jirani. Haionyeshi hata panga ni za nani. Neno kama hilo likishatoka, linatembea sokoni kutoka kibanda hadi kibanda, na msomaji hana ushahidi wowote wa kulirudisha. Usimtambulishe mtu halisi kwa karata, wala usisome ugonjwa.

Sasa zipange upya zilezile: Tano ya Vikombe kwanza, Mpanda Farasi katikati, Saba ya Panga mwisho. Mtu wa joho anatazama kushoto, nje ya safu. Hasara yake imemwagikia pembeni na hakuna anayeigusa. Mpanda Farasi amempa mgongo, ameelekea mtu wa panga. Mtu wa panga anamjia, lakini macho yake yanatoka nje upande wa kulia, kwa mtu au kitu ambacho hakipo mezani. Ungeuliza maswali mengine kabisa: kuna hasara ya zamani ambayo mmoja wenu hajaimaliza? Na kuna mtu wa tatu anayeangaliwa katika mpango huu? Karata hazikubadilika hata moja. Kilichobadilika ni nani yuko mbele ya macho ya nani, ndiyo maana kukariri maana moja kwa kila karata hakuwezi kufika hapa.

Inapokwama

Kuna karata zisizo na uso wa mtu. Tatu ya Panga ni moyo uliochomwa mvua ikinyesha, Nane ya Fimbo ni fimbo hewani, na karata za Moja ni mkono unaotoka winguni. Hapo mwelekeo wa kitu ndio unaochukua nafasi ya macho: fimbo nane zinashuka kwenda upande mmoja, fuata ncha zake zinakoelekea. Moyo wa Tatu ya Panga hauelekei popote, na hiyo ni habari. Kwenye safu unafanya kazi ya kitu kinachotazamwa. Angalia majirani, nani anautazama na nani ameupa mgongo.

Ukiona kila karata inasema jambo zuri, umeanza kuchagua. Njia ya kujikagua ni rahisi: chukua sentensi zako, na kwa kila moja weka kidole kwenye picha. Sentensi isiyo na mahali pa kuweka kidole, ifute. Ukibaki na mbili, soma hizo mbili.

Na kama watu wote watatu wanakutazama wewe, mishale haitachoreka. Usilazimishe. Hamisha kazi kwenye mikono, ulinganishe nani ameshika nini, na uiache safu bila hadithi ya mtazamo.

Baada ya wiki chache, ondoa vile vipande vya karatasi usome majina, kisha fungua kitabu cha maana kama unacho. Kitabu na picha vikipingana, andika vyote viwili daftarini, lakini mbele ya muulizaji sema kile unachoweza kumwonyesha kwa kidole.